Barua ya wazi kwa wasajili wa mabaraza ya taaluma: mfasiri asilazimishwe kugeuza maksi

Kwa Waheshimiwa Wasajili wa Mabaraza ya Taaluma za Afya,
Katika nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

YAH: TAFSIRI ZA TRANSKRIPTI NA VYETI VYA SHAHADA VILIVYOANDIKWA KWA KIFARANSA

Waheshimiwa,

Mimi ni mfasiri wa nyaraka. Kwa miaka 14 nimekuwa nikitafsiri hati za Kifaransa kwenda Kiingereza na Kiswahili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni vyeti na transkripti za watu waliosoma Kongo na Burundi wanaotaka kusajiliwa upande huu ili wafanye kazi waliyoisomea. Nimeandika barua tatu kwa baraza moja kuhusu haya nitakayoyaeleza. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo, nikiwa nimesimama dirishani. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilirudi na maelezo kwamba mfasiri si mwombaji, kwa hiyo hana nafasi ya kulalamika. Ndiyo sababu sasa naandika mbele ya watu wote.

Baraza hilo sitalitaja, wala nchi yake. Mteja wangu bado anasubiri, sitaki barua yangu imwongezee uzito. Pia mambo haya nimekutana nayo kwa mabaraza mengine zaidi ya hilo, ndiyo maana nawaandikia nyote.

Mteja mwenyewe ni muuguzi, mama wa watoto watatu kutoka Uvira, Kongo. Alisoma gradua ya uuguzi miaka mitatu, akafanya kazi wodini, kisha akarudi chuoni miaka miwili akachukua lisansi. Jumla miaka mitano baada ya sekondari. Alikuja kwangu na cheti cha lisansi, cheti cha gradua na transkripti tano, moja kwa kila mwaka. Hadi leo naandika, ni mwezi wa kumi na moja tangu apeleke maombi. Siku ya mwisho alipopita kwangu alisema, "Dada, mimi nilisoma miaka tano. Leo wananiuliza kama nilisoma kweli."

Naomba niyataje madai yangu moja baada ya jingine.

1. Lisansi si leseni

Kabla ya kuja kwangu, mteja alikuwa amepeleka tafsiri iliyofanywa na mtu mwingine. Huyo aliona neno la Kifaransa linalofanana na neno la Kiingereza la leseni, akaandika leseni. Cheti cha shahada kikageuka kuwa "leseni ya sayansi ya uuguzi". Karani wa baraza akafanya kilichoonekana kuwa sahihi: akaandika kwenye jalada kwamba mwombaji ana leseni ya kazi kutoka nje ya nchi, akamtaka alete barua ya tabia njema kutoka kwa mamlaka iliyotoa leseni hiyo, halafu akamtaka pia alete cheti chake cha shahada. Cheti cha shahada kilikuwa kipo mbele yake. Miezi miwili ikaishia hapo.

Nilipotafsiri upya niliacha neno lisansi kama lilivyo kwenye cheti, kisha nikaeleza maana yake kwenye ukurasa wa maelezo ya mfasiri. Tafsiri ikarudishwa. Nikaambiwa niandike kwenye mstari huo huo ni sawa na digrii gani ya hapa. Nilikataa, na sababu yangu ni hii.

Katika mfumo wa zamani wa Kongo, ule uliorithiwa kwa Wabelgiji, masomo ya chuo yalikuwa na ngazi mbili: gradua ya miaka mitatu, halafu lisansi ya miaka miwili juu yake. Mwenye lisansi ya aina hiyo ana miaka mitano ya chuo. Lakini kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022 Kongo ilianza kuhamia mfumo mpya wenye ngazi tatu, ambamo lisansi ni shahada ya kwanza ya miaka mitatu, ikifuatwa na shahada ya uzamili. Neno ni lile lile, lakini kwenye cheti kimoja linabeba miaka mitano na kwenye kingine miaka mitatu. Nikiandika "digrii ya kwanza" katika mstari wa tafsiri, nimempunguzia mteja wangu miaka miwili. Nikiandika "uzamili", nimempa kitu ambacho chuo chake hakikusema kimempa. Kazi ya kuamua ni yenu, nanyi mnaweza kuamua tu kama neno la asili mnaliona, na mwaka wa kutunukiwa mnauona, na muda wa masomo mnauona.

Gradua nayo ina mtego wake. Msomaji wa Kiingereza akiliona hudhani linamtaja mtu aliyehitimu digrii. Hapana, ni jina la ngazi ile ya miaka mitatu. Na mtego mkubwa kuliko yote uko Burundi. Huko, katika mfumo mpya, bakaloria ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Ufaransa bakaloria ni mtihani wa kumaliza sekondari. Nimeona Mrundi mwenye shahada akiambiwa ameleta cheti cha kidato cha sita, kwa sababu aliyekagua alitafuta neno hilo kwenye kamusi ya Kifaransa akaridhika na maana ya kwanza aliyoikuta. Neno la Kifaransa kwenye cheti cha Burundi lazima lisomwe kwa Kirundi, kama naweza kusema hivyo: lisomwe kwa sheria za nchi iliyolitoa.

2. Mfasiri hageuzi maksi

Hili ndilo kubwa, na hapa naomba mnivumilie niende polepole.

Fomu ya baraza ninalolisema inataka tafsiri ionyeshe maksi "kwa mfumo wa hapa". Yaani palipoandikwa 13 juu ya 20, mfasiri aandike herufi na pointi. Nimeambiwa mara mbili kwamba wafasiri wengine hufanya hivyo bila shida. Najua wanafanya. Nimeona kazi zao, na nitaonyesha kwa nini karatasi moja ikipita kwa wafasiri watatu inaweza kuzaa watu watatu tofauti.

Chukua mwaka mmoja wa masomo, nimeurahisisha ubaki na kozi tano. Kwenye transkripti za Kongo za mfumo wa zamani kila kozi ina maksi juu ya 20, na kila kozi ina uzito wake kulingana na ukubwa wa kozi. Maksi huzidishwa kwa uzito, majibu yanajumlishwa, na jumla inageuzwa kuwa asilimia. Tuseme kozi ya kwanza ina uzito 6 na mwanafunzi amepata 14, inatoka 84. Ya pili uzito 4, amepata 11, inatoka 44. Ya tatu uzito 3, amepata 9, inatoka 27. Ya nne uzito 5, amepata 13, inatoka 65. Ya tano uzito 2, amepata 15, inatoka 30. Jumla ni 250 kati ya 400 zinazowezekana, yaani asilimia 62.5. Chini ya ukurasa itaandikwa satisfaksio, jina la kundi la ufaulu ambalo asilimia hiyo inaangukia.

Sasa wapeni wafasiri watatu kazi ya kuigeuza iwe kwenye mizani ya pointi 5, ile inayotumika katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania.

Wa kwanza anafanya hesabu ya uwiano tu. Wastani wa 62.5 juu ya 100 ni sawa na 12.5 juu ya 20, basi:

`12.5 ÷ 20 × 5 = 3.125`

Pointi 3.1. Kwa madaraja ya mizani hiyo, ambapo 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, mteja ana daraja la pili la chini.

Wa pili anachukua jedwali la hapa: 70 na kuendelea ni A yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+ yenye pointi 4, 50 hadi 59 ni B yenye 3, 40 hadi 49 ni C yenye 2. Anageuza kila kozi kuwa asilimia, 14 inakuwa 70, 11 inakuwa 55, 9 inakuwa 45, 13 inakuwa 65, 15 inakuwa 75. Anaipa kila moja pointi zake, anazidisha kwa uzito, anapata 78, anagawa kwa 20:

`(5×6 + 3×4 + 2×3 + 4×5 + 5×2) ÷ 20 = 3.9`

Daraja la pili la juu, kwa sababu linaanzia 3.5.

Wa tatu ni makini kuliko wenzake. Anajua kwamba alama ya kufaulu Kongo ni 10 juu ya 20, na kwamba chini kabisa pa kufaulu kwenye mizani ya tano ni pointi 2. Anapanga 10 ikae juu ya 2, na 20 ikae juu ya 5, halafu anagawa kilichobaki katikati:

`2 + 3 × (12.5 − 10) ÷ (20 − 10) = 2.75`

Amerudi daraja la pili la chini, tena ukingoni.

Karatasi ni moja na hesabu zote tatu zimekwenda sawa, hakuna aliyekosea kuzidisha. Kilichotofautiana ni dhana iliyotangulia hesabu: wa kwanza anadhani mizani zote huanzia sifuri na kupanda kwa mwendo mmoja, wa pili anadhani asilimia 70 ya Bukavu ni asilimia 70 ya Dodoma, wa tatu anadhani kuna wanaofika 20 juu ya 20 kama wanavyofika wenye pointi 5 kamili. Dhana hiyo ya tatu inaumiza kimyakimya. Kwenye mizani ya hapa mwanafunzi akipata 70 tayari ana pointi zote 5, hahitaji 100. Kongo, 70 ndiyo inafungua mlango wa distenksio, 80 granda distenksio, na ile ya juu kabisa ni 90. Wanaofika huko ni wachache mno. Ukipima kwa ncha ya juu ambayo karibu hakuna anayeifikia, kila mtu wa chini yake anaonekana mfupi.

Tazameni pia kozi ya tatu, ile ya 9 juu ya 20. Nyumbani kwake ni chini ya alama ya kufaulu. Katika mikono ya mfasiri wa pili imekuwa C, imefaulu, kwa sababu hapa kufaulu huanzia 40. Ukaguzi wa aina gani huo, ambapo tafsiri inamfaulisha mtu kozi ambayo chuo chake hakikusema ameifaulu?

Nasema haya nikijua kabisa kwamba mfasiri wa pili angempendeza mteja wangu. Angempa daraja la juu. Lakini kesho mwingine mwenye karatasi kama hiyo atapelekwa kwa mfasiri wa tatu na kukataliwa, na hakuna kati yao atakayejua kwamba amehukumiwa na mtu ambaye si baraza, si chuo, si tume ya vyuo vikuu. Amehukumiwa na mimi, au na mwenzangu wa mtaa wa pili.

Neno satisfaksio lenyewe lina kisa. Likiingia Kiingereza kwa sura yake linasomeka kama "inaridhisha", neno ambalo kwenye ripoti za hapa huandikwa mtu anapokuwa amepita kwa shida. Katika mfumo wa zamani wa Kongo satisfaksio ni kundi pana linaloanzia asilimia 50 na kuishia chini kidogo ya 70. Ndani yake yumo aliyepata 51 na yumo aliyepata 69. Mwenye 69 akitafsiriwa "inaridhisha" bila maelezo, amezikwa pamoja na mwenye 51. Kwa hiyo mimi huliacha neno, naacha asilimia mbele yake, na kwenye maelezo naandika mipaka ya makundi yote. Pia huandika kwamba mipaka hii isichanganywe na ya Ufaransa, ambako 12, 14 na 16 juu ya 20 zina majina mengine kabisa. Karani akishika jedwali la Ufaransa akalitumia kwa karatasi ya Kongo, atapata jibu, na jibu hilo litakuwa si la mtu yeyote.

Hayo ndiyo maelezo ya ulinganisho ninayoweza kuyatoa kwa uaminifu: mizani ni ya ngapi, kufaulu ni wapi, makundi yana mipaka gani, uzito wa kozi unahesabiwaje. Vyote hivyo ni maelezo ya karatasi. Daraja la hapa ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Fomu hiyo hiyo inataka krediti. Transkripti za zamani hazina krediti, zina saa. Na saa hizo ni za darasani na za vitendo, wakati krediti ya Tanzania, yenye saa 10, inahesabu hata muda mwanafunzi anaojisomea. Mfasiri anayegawa saa 60 kwa 10 na kuandika krediti 6 amemnyima mwombaji saa zote alizokaa na madaftari usiku.

3. Kozi yenye 9 juu ya 20

Mteja wangu ana kozi moja ya aina hiyo katika mwaka wake wa pili. Baraza likaandika: "Mwombaji alifeli kozi, alete uthibitisho wa kurudia mtihani." Hakurudia, kwa sababu hakutakiwa kurudia.

Kwenye mfumo ule matokeo hayatangazwi na mwalimu wa kozi. Yanatangazwa na juri, kikao cha walimu wa mwaka huo, ambacho huangalia maksi zote za mwanafunzi kwa pamoja. Pungufu ndogo katika kozi moja, mtu akiwa na wastani mzuri, juri linaweza kuifidia kwa maksi za kozi nyingine na kumpitisha mwaka. Likishampitisha, mwaka wote umepita. Hakuna mtihani wa marudio, hakuna maksi mpya, na ile 9 inabaki pale pale ilipo maisha yote. Uthibitisho mnaoutafuta uko chini ya ukurasa: mstari unaosema juri limekaa tarehe fulani, katika awamu ya kwanza au ya pili, na limemtangaza mwanafunzi amefaulu kwa kundi fulani. Awamu nayo ina maana. Ya pili ndiyo ya waliorudia baadhi ya mitihani. Wa awamu ya kwanza hakurudia chochote.

Mstari huo nilikuwa nimeutafsiri neno kwa neno, pamoja na sahihi tatu na muhuri wa mviringo. Ombi langu ni kwamba anayekagua asome ukurasa mpaka chini kabla ya kuandika barua ya kumkataa mtu.

4. Bahasha iliyofungwa

Baraza linataka transkripti itoke chuoni moja kwa moja, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye mdomo wake. Sina ugomvi na hilo, ni kinga nzuri. Linataka pia kila hati ya Kifaransa iambatane na tafsiri. Na hilo ni sawa. Tatizo ni kwamba masharti haya mawili hayawezi kutimizwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Chuo cha Uvira kilituma bahasha. Bahasha ikafika. Baraza likafungua, likakuta Kifaransa, likaandika kwamba maombi hayajakamilika kwa kukosa tafsiri. Mteja akaomba apewe nakala aniletee. Akaambiwa yaliyomo ni siri ya ofisi. Akaniletea nakala yake mwenyewe, ile aliyopewa siku ya kuhitimu, nikatafsiri. Baraza likasema tafsiri haikubaliki kwa sababu imetokana na nakala ya mwombaji na si ya bahasha. Akakiomba chuo kitume bahasha ya pili, safari hii kwangu. Ikaja, nikafungua, nikatafsiri, nikaambatanisha yote, nikagonga muhuri wangu ukikatiza kurasa mbili mbili. Ikakataliwa: bahasha ilikuwa imeshafunguliwa.

Hapo ndipo ilipotumika miezi sita kati ya hii kumi na moja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika msururu huo, na kila karani alifuata karatasi iliyokuwa mbele yake. Lakini hakuna mwombaji wa Kifaransa anayeweza kuupita.

Majibu ambayo nimeshayasikia

Nimeambiwa kwamba vyeti vya kughushi ni vingi, kwa hiyo ukali ni lazima. Nakubali kwamba vipo, mimi mwenyewe nimewahi kuvikataa. Lakini kugeuza maksi hakufichui hati ya kughushi. Kunaificha. Anayeghushi transkripti huandika maksi nzuri akasahau hesabu: maksi mara uzito haviendi na jumla iliyoandikwa, au jumla haiendi na asilimia, au asilimia haiendi na kundi. Katika mfano wangu wa juu, kama ukurasa ungeonyesha jumla ya 268 badala ya 250, mtu yeyote mwenye kalamu angegundua kwa dakika mbili. Mfasiri akishaondoa maksi za asili na kuweka herufi, njia hiyo ya kukagua imekufa. Kwa desturi yangu mimi hesabu hiyo huifanya kila ukurasa. Nikikuta haiendi sirekebishi. Naandika kilichoandikwa, kosa na lote, halafu kwenye maelezo nasema kwamba jumla ya ukurasa fulani hailingani na kozi zake. Wakati mwingine ni mkono wa karani wa chuo uliopitiwa tu. Kuuliza chuo ni juu yenu.

Nimeambiwa pia kwamba maofisa hawajui Kifaransa, hawawezi kusoma maneno yaliyoachwa kama yalivyo. Hawahitaji kukijua. Maneno ninayoyaacha kwa kawaida hayafiki kumi kwa cheti kizima, na kila moja lina maelezo yake kwenye ukurasa wa mwisho. Kozi zote, vichwa vyote, mihuri yote, hata pale ninapoandika "sahihi haisomeki", viko katika lugha mnayoisoma.

Na nimeambiwa kwamba ulinganisho si kazi ya baraza, ni ya tume ya vyuo vikuu. Inawezekana, kulingana na nchi. Basi mwombaji aambiwe hivyo siku ya kwanza na apelekwe huko. Haiwezekani iwe si kazi ya baraza wala si ya tume, halafu iwe ya mfasiri wa mtaani. Nchi zetu zilikubaliana kutambua elimu na ujuzi wa watu wa jumuiya katika Kifungu cha 11 cha Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010. Burundi imo ndani tangu 2007. Kongo iliingia 2022. Vyeti vya Kifaransa si wageni wa kupita.

Ninachoomba

Kwanza, ondoeni kwenye fomu zenu sharti la mfasiri kuandika maksi, krediti au daraja kwa mfumo wa hapa. Takeni tafsiri inayoacha maksi na majina ya shahada kama yalivyo, yenye ukurasa tofauti wa maelezo uliotiwa sahihi na mfasiri.

Pili, chombo kinachofanya ulinganisho, kiwe baraza au tume, kiufanye kwa maandishi na kimpe mwombaji nakala inayoonyesha njia iliyotumika. Kama ni jedwali, libandikwe mahali pa wazi. Mteja wangu ana haki ya kujua kama amepimwa kwa 3.1, 3.9 au 2.75.

Tatu, bahasha ikifika, ofisa wa baraza aifungue, atoe nakala, agonge muhuri wa baraza kwenye kila ukurasa wa nakala, ampe mwombaji ampelekee mfasiri. Mfasiri aunganishe tafsiri na nakala hiyo yenye muhuri wenu. Bahasha na hati ya asili zibaki kwenu, zisitoke. Ni kazi ya mashine ya fotokopi na dakika kumi, na inalinda yote mnayotaka kuyalinda.

Nne, maombi yakirudishwa, sababu iandikwe kwa kutaja ukurasa na mstari, na zote ziandikwe mara moja. Mteja wangu alipewa sababu yake ya tatu mwezi wa tano na ya nne mwezi wa nane, kutoka kwenye karatasi zile zile zilizokuwa mezani tangu mwezi wa kwanza.

Na kwa baraza linalojijua: jalada la mama huyu lina kila kitu. Lina bahasha mbili kutoka chuoni, nakala ya mkononi, na tafsiri yangu ya kurasa 11. Kurasa za bahasha zote mbili zinaweza kulinganishwa kwenye meza moja, leo. Naomba lifunguliwe kabla ya mwisho wa mwezi huu, na nikihitajika kuja kueleza mstari wowote nitakuja kwa nauli yangu.

Wenu mtiifu,

Mfasiri wa nyaraka, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili
(jina, sahihi na muhuri vimo katika nakala zilizopelekwa kwa mkono ofisini)